Dashibodi ya Landrova Haijawahi Kuwa Bubu

Kauli hii imeenea hata haimshtui mtu tena: gari lisilo na kompyuta haliwezi kukwambia linaumwa nini. Utaisikia kwa dalali anayekushawishi uiuze Landrova ya marehemu baba yako. Utaisikia kwa fundi kijana asiyefungua boneti kabla ya kuchomeka mashine yake chini ya usukani, na kwa mwenye gari aliyekwisha kukata tamaa. Wote wananyoosha kidole kwenye zile taa chache za dashibodi, ya oili, ya chaji na ya joto, na kusema hazina kazi, maana zikishawaka injini imeshakufa.

Niieleze hoja yao kwa nguvu yake yote, kwa sababu wanaoitoa si wajinga. Wanasema kwanza kwamba taa hizo zinachelewa: ya oili inangoja presha iishe kabisa, ya joto inangoja maji yachemke. Pili, wanasema hazina undani. Taa huwaka au huzimika, basi, ilhali kompyuta hutoa namba ya hitilafu na kutaja silinda ipi imeacha kuchoma. Tatu, kwa kuwa taa hazina undani, fundi wa gari la zamani hubaki kubahatisha, akibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa fedha ya mwenye gari.

Hoja hiyo ina chembe za ukweli, nami nitazitaja zinapofika. Lakini kwa jumla ni potofu, na upotofu wake unawagharimu watu injini nzima nzima. Nitalichukua gari moja ninalolifahamu vizuri, Land Rover Series III ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mbele ya dereva kuna taa ya chaji, taa ya presha ya oili, na geji mbili za mshale, ya mafuta na ya joto la maji. Magari mengine ya rika lake yana taa ya joto badala ya geji. Nitaonyesha vifaa hivyo vinasema nini hasa, na kwa nini kelele ya kwamba ni bubu inatoka kwa watu ambao hawajawahi kuvisikiliza.

1. Taa ya chaji haihusu betri peke yake

Kosa la kwanza linaanzia kwenye jina. Kwa kuwa taa hii imechorwa betri au imeandikwa neno la chaji, watu huamini kwamba inapima betri. Haipimi. Balbu ile imekaa katikati ya pande mbili: upande mmoja ni umeme unaotoka kwenye betri kupitia swichi ya funguo, na upande wa pili ni umeme unaotoka kwenye alteneta. Balbu huwaka pande hizo mbili zikitofautiana, na huzimika zikilingana.

Ukifungua funguo kabla ya kupiga stata, upande wa betri una volti 12 na ushee, na upande wa alteneta hauna kitu. Umeme unapita kwenye balbu kwenda alteneta, na taa inawaka kwa nguvu. Injini ikiwaka na alteneta ikaanza kuzalisha, pande zote mbili hufika karibu volti 14. Hakuna tofauti tena, hakuna umeme unaopita, taa inazimika. Taa hii basi ni mzani kati ya vitu viwili, na mzani una mengi ya kusema zaidi ya ndiyo na hapana.

Tazama inavyowaka. Ikiwa nyekundu kabisa injini ikinguruma, alteneta haizalishi chochote: mkanda umekatika, kaboni za ndani zimeisha, au waya umechomoka. Ikiwa na mwanga hafifu unaoonekana usiku tu, alteneta inazalisha, lakini pande mbili hazilingani sawasawa. Hapo washa taa kubwa za mbele uangalie. Mwanga ukiongezeka, mara nyingi tatizo ni kiungo chenye kutu au swichi ya funguo iliyochakaa inayokula volti njiani. Usipobadilika, ndipo uanze kuzishuku diodi za alteneta. Na ikiwa taa inamulika hata baada ya kuchomoa funguo, kuna diodi iliyoungua ndani, na umeme wa betri unarudi kinyumenyume kupitia alteneta. Gari hilo halitawaka kesho asubuhi, na kosa halitakuwa la betri. Ni watu wangapi wamenunua betri mpya kwa ugonjwa huo?

Kuna jambo la ndani zaidi, ambalo wanaodai taa hizi hazina kazi hawalijui kabisa. Alteneta ya Lucas iliyo kwenye Landrova hiyo haiwezi kuanza kuzalisha yenyewe tangu mwanzo. Inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha sumaku ya ndani, na umeme huo unapita kwenye balbu hii hii ya dashibodi, balbu ya wati 2 na kidogo. Balbu ikiungua, alteneta nzima iliyo mpya inaweza kukaa bila kuchaji hadi dereva azungushe injini kwa kasi kubwa, na pengine isichaji kabisa. Kwa hiyo yule anayechomoa balbu kwa sababu inamkera, au anayeweka balbu ya kisasa ya ledi isiyopitisha umeme wa kutosha, ameuharibu mfumo wa chaji kwa mkono wake. Kisha anapeleka alteneta kwa fundi, inafungwa kwenye mashine ya kupimia, inafanya kazi vizuri, inarudishwa garini, haichaji. Hapo ndipo husema magari ya zamani yana mashetani.

Sheria hii haihusu magari yote ya zamani. Yenye dinamo huamka kwa sumaku iliyobaki kwenye chuma chake, na Toyota nyingi za rejuleta ya nje zinawasha taa ya chaji kupitia rilei. Anayetaka kuisoma taa yake lazima ajue imeungwaje.

Mipaka ya taa hii ipo. Alteneta ikizalisha kupita kiasi, tuseme volti 16, pande zote mbili zinapanda pamoja na taa inabaki giza. Utajua kwa njia nyingine: betri inakauka maji haraka, inanuka kama yai viza, balbu za taa kubwa zinaungua moja baada ya nyingine. Hapo multimita juu ya vichwa vya betri, injini ikizunguka, ndiyo itakayotoa jibu.

2. Mkanda mmoja, kazi mbili

Sasa nifike kwenye kisa, kwa sababu hapa ndipo dhana ya kwamba taa zinachelewa inapovunjika.

Landrova moja ya inchi 109 ilikuwa inapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, imebeba mzigo, mchana wa jua. Anayeijua barabara ile anajua inavyojikunja ubavuni mwa Usambara na jinsi gari zito linavyobaki gia ya pili kwa muda mrefu. Kwenye kona za mwanzo taa ya chaji ikawaka, nyekundu kabisa. Dereva akapiga hesabu: betri ni mpya, ni mchana, sijawasha taa, koili ya injini ya petroli inakula umeme kidogo sana, nitafika. Kwa upande wa umeme hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Betri nzima inaweza kuibeba koili peke yake kwa saa kadhaa.

Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba taa ya chaji inazungumzia umeme tu. Kwenye injini ile mkanda mmoja unazungusha alteneta, na mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji yenye feni mbele yake. Mkanda ulikuwa umekatika. Tangu sekunde taa ilipowaka, maji yalikuwa hayazunguki na feni ilikuwa imesimama, gari likiwa mlimani na hewa kidogo tu ikipita kwenye rejeta.

Baada ya dakika chache mshale wa joto ukaanza kupanda. Dereva akapunguza mwendo, jambo lililopunguza hewa zaidi. Mshale ukafika sehemu nyekundu, kisha, kwa furaha yake, ukashuka wenyewe. Akadhani injini imepoa. Haikuwa imepoa. Maji yalikuwa yamechemka na kutoka kwa kifuniko cha rejeta hadi yakashuka chini ya kihisi joto kilichopo kwenye silindahedi. Kihisi hicho kimetengenezwa kiguswe na maji. Kikibaki kwenye mvuke na hewa kinasoma joto la chini kuliko lililopo. Nguvu ya injini ikapungua, ukaanza mlio mkali wa kugongagonga, na aliposimama hatimaye, injini ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta, taa ya oili ikaanza kupepesa. Oili ilikuwa imekuwa nyepesi kama maji kwa joto.

Mwenye gari alinieleza mfuatano huu hatua kwa hatua, nami nilikuwapo injini ilipofunguliwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imepasuka kati ya silinda mbili. Hedi ilihitaji kuchongwa, oili na filta kumwagwa, gari kulala gereji. Na kauli aliyopewa pale gereji ilikuwa ile ile: lingekuwa gari la kompyuta, lingekwambia mapema.

Lilimwambia. Lilimwambia kabla joto halijapanda hata nyuzi moja. Taa ya chaji ilisema mkanda uangaliwe. Mshale ulipopanda ulithibitisha kwamba mkanda huo, ambao ndio wa pampu ya maji, umesimama. Mshale ulipoporomoka ghafla, bila mteremko na bila injini kupumzika, ulisema maji yameisha. Taa ya oili ikasema joto limefika kwenye beringi. Kila kifaa kilisema kwa zamu yake, na kila kimoja kilitoa muda wa kuchukua hatua. Kompyuta ya gari la leo ingeongeza nini mlimani pale? Ingewasha taa ile ile ya betri.

Alichopaswa kufanya kilihitaji chini ya dakika moja: kusimama penye usalama, kufungua boneti na kuutazama mkanda. Ukiwa umekatika, gari haliendi popote mpaka uwekwe mwingine, hata kama betri imenunuliwa jana. Ukiwa mzima na umekaza, basi tatizo ni la umeme tu, na hapo hesabu yake ya kuendelea mchana bila taa ingekuwa halali. Taa ni ile ile na rangi ni ile ile, lakini uamuzi unageuka kabisa kwa kuangalia kitu kimoja.

Kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe jambo hili ni kali zaidi. Injini yake inapozwa kwa hewa, feni yake imefungwa kwenye mhimili wa dinamo, na haina kabisa geji wala taa ya joto. Taa ya chaji ndiyo taa ya joto ya gari lile. Anayeendelea kuendesha nayo ikiwaka bila kuangalia mkanda, anaipika injini.

3. Taa ya oili inasema mapema, kwa anayetazama wakati ufaao

Hoja ya kuchelewa inaegemea zaidi taa hii, na hapa wapinzani wangu wana nusu ya ukweli. Taa ya oili inaendeshwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye njia ya oili, penye bloku. Pasipo presha, swichi inaunganisha waya na bodi, na taa inawaka. Presha ikivuka kiwango kidogo tu, kwa kawaida kati ya pauni 3 na 7 kwa inchi ya mraba, swichi inaachia na taa inazimika. Injini ya Landrova ikiwa na afya, moto na ikiwa mwendo wa kati, inatakiwa kuwa na pauni kati ya 35 na 65. Kwa hiyo ni kweli: taa ikiwaka ukiwa kwenye mwendo mkubwa, presha imeporomoka kabisa na huna muda. Kanyaga klachi, zima injini bila kuchomoa funguo ili usukani usijifunge, liache gari liviringike hadi kando.

Lakini hawasemi nusu ya pili. Presha haitengenezwi na pampu peke yake. Pampu inasukuma oili, na presha inatokana na ugumu wa oili hiyo kupenya kwenye nafasi finyu za beringi za krenkishafti. Nafasi zikipanuka kwa uchakavu, oili inapita kirahisi na presha inashuka. Oili ikiwa moto inakuwa nyepesi, na presha inashuka zaidi. Injini ikizunguka polepole, ile hali mafundi wanayoiita sailensi, pampu inasukuma kidogo, na presha inashuka zaidi tena. Kwa hiyo uchakavu wa beringi unajitokeza kwanza mahali pamoja tu: injini moto, imesimama kwenye foleni, haijakanyagwa mafuta. Hapo taa inapepesa, na ukigusa mafuta kidogo inazimika.

Dereva anayeiona taa ikipepesa hivyo ana miezi mingi ya kupanga, wakati mwingine zaidi. Kompyuta ingempa nini cha kuzidi hapo, ilhali swichi ya oili kwenye magari mengi ya kisasa ni ile ile, ya kuwaka na kuzimika? Kilichochelewa ni jicho, maana watu huitazama taa wakati wa kuwasha gari asubuhi, injini ikiwa baridi na oili nzito, wakati ambapo hata injini mbovu ina presha nzuri.

Kuna alama nyingine. Taa ikimulika kwenye kona, kwenye kufunga breki au kwenye mlima mkali, kisha ikatoweka barabara ikinyooka, oili imepungua hadi mdomo wa pampu unavuta hewa oili ikikimbilia upande mmoja. Ongeza oili kabla ya kuendelea. Taa ikichelewa kuzimika asubuhi baada ya gari kulala, mara nyingi filta haizuii oili isirudi chini, na beringi zinazunguka kavu kwa sekunde hizo. Filta ya bei rahisi isiyo na vali ya kuzuia hurudisha gharama yake kwenye krenki.

Kuhusu kiasi cha oili, taa hii haisemi chochote mpaka mambo yaharibike, wala haikuumbwa kusema. Hiyo ni kazi ya kijiti cha kupimia.

Na kubahatisha kunakosemwa kunatoka wapi? Kunatoka kwenye tabia za gerejini. Taa inapepesa, fundi anamwaga oili nzito zaidi. Inapepesa tena, anapandisha mzunguko wa sailensi kwenye kabureta. Ikikaidi, anabadilisha swichi, na mwisho anachomoa waya. Hatua zote nne zinalenga kuizima taa, na hakuna hata moja iliyopima presha. Kipimo halisi ni rahisi: fungua swichi ya oili, funga kwenye tundu hilo hilo geji ya presha ya mkono, washa injini hadi ipate moto, usome pauni kwenye sailensi na kwenye mwendo wa kati. Geji ikionyesha presha nzuri wakati taa ilikuwa ikipepesa, swichi ni mbovu, badilisha. Ikionyesha pauni chache, umejua ukweli kabla ya kutoa fedha. Fundi anayeruka hatua hii atabahatisha hata akipewa kompyuta.

4. Geji ya joto inapodanganya, inatoa ishara ya uongo wake

Nimeshaonyesha udhaifu mkubwa wa kihisi joto: kikikosa maji kinanyamaza. Taa ya joto ina udhaifu huo huo. Swichi yake huungana joto likivuka kiwango kilichowekwa kiwandani, na pasipo maji ya kuifikishia joto hilo, inaweza isiungane. Ndiyo sababu taa ya joto isiyowaka si ushahidi kwamba injini haijachemsha, na ndiyo sababu mshale unaoporomoka ghafla unapaswa kutisha kuliko unaopanda taratibu.

Hata hivyo, tofauti kati ya ugonjwa wa injini na ugonjwa wa geji inaweza kuonekana bila kushika spana. Kwenye Landrova hiyo, geji ya mafuta na geji ya joto zinalishwa na kifaa kimoja nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme hadi wastani wa volti 10 ili mishale isiyumbe. Kikiharibika na kuachia umeme wote upite, mishale yote miwili inapanda pamoja. Ukiona joto limepanda na wakati huo huo tangi lako linaonyesha mafuta mengi kuliko uliyoweka, usimwage maji ya rejeta. Mashaka yaanzie kwenye kifaa hicho. Joto likipanda peke yake, mafuta yakibaki mahali pake, lichukulie kuwa joto la kweli.

Kihisi nacho kinapimika kwa mkono. Chomoa waya wake funguo ikiwa wazi: mshale unatakiwa kulala upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa kitambo kidogo tu: mshale unatakiwa kupanda hadi mwisho. Mshale ukifanya yote mawili, geji na waya ni vizima, na kilichobaki ni kihisi au injini yenyewe.

Linganisha na magari mapya mengi, ambayo mshale wake wa joto umepangwa na kompyuta ukae katikati pale pale ingawa joto la maji linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Umetulizwa ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukija kuondoka katikati, muda wa onyo umeshaliwa. Mshale wa zamani hupanda kidogo kwenye mlima na kushuka kwenye mteremko, na anayeujua mwenendo wake wa kila siku atagundua rejeta inayoziba wiki kadhaa kabla gari halijachemsha. Kati ya vifaa hivi viwili, nani hasa anayechelewa?

5. Namba ya hitilafu si jina la ugonjwa

Mfumo wa kusoma hitilafu unaoshangiliwa leo ulifanywa wa lazima Marekani kwa magari ya 1996 na kuendelea, na lengo lake la msingi lilikuwa kudhibiti moshi. Una faida kubwa kwenye kazi hiyo. Unajua mchanganyiko wa hewa na petroli, unajua silinda isiyochoma, na Landrova ya 1975 haijui. Hilo nalikubali bila kusita.

Lakini namba inataja mzunguko wa umeme uliotoa kipimo kisichotarajiwa. Haitaji kifaa cha kununua. Fundi anayesoma namba ya kihisi na kukimbilia duka la vipuri kununua kihisi, bila kuangalia waya na plagi yake, anafanya kubahatisha kule kule kunakolaumiwa kwa fundi wa zamani, kwa bei kubwa zaidi. Na injini ikiwa na beringi zilizochakaa, mashine yake inaweza isionyeshe namba hata moja.

6. Hata giza la taa lina maana

Nimalizie na jambo ambalo sijawahi kumsikia mmoja wa wapinzani hawa akilitaja. Taa hizi zinatakiwa kuwaka zote mbili, ya chaji na ya oili, funguo ikifunguliwa kabla ya stata. Ukienda kununua gari la zamani, hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakigharimu shilingi. Ya oili isipowaka, ama balbu imeungua ama mtu ameuchomoa waya ili usiione ikipepesa. Kuna wajanja wanaouunga waya wa taa ya oili kwenye taa ya chaji ili zizimike pamoja. Chomoa waya kwenye swichi ya oili huku funguo ikiwa wazi: taa ya oili inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kuwaka, ama haijaungwa hapo, ama waya umechubuka na kugusa bodi. Vyovyote vile, usitoe malipo ya awali.

Na gari likizimika ghafla barabarani, kabla hujaomba msaada, kanyaga klachi na utazame dashibodi huku funguo ikiwa bado wazi. Klachi ni lazima, kwa sababu gia ikiwa imeshika, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, pampu ya oili na alteneta zinafanya kazi, na taa zinaweza kubaki giza ingawa injini haichomi tena. Ukishakanyaga, injini inasimama. Taa zote mbili zikiwaka kwa nguvu, umeme unafika kwenye swichi ya funguo na unatoka, hivyo tafuta kwenye petroli, koili au distributa. Taa zikibaki giza, umeme umekatika kabla ya kufika huko. Hapo usiiguse kabureta wala usichomoe plagi hata moja. Kagua vichwa vya betri na waya wa kahawia unaoleta umeme kwenye swichi, kisha nyuma ya swichi ya funguo ufuate waya mweupe, kwa sababu kwenye Landrova ile ndio unaolisha taa hizo, na ndio unaoilisha koili.